Chumba cha hazina cha Tororo: jinsi amri ya mabadiliko na dai vinavyobadilisha bei na tarehe ya jengo

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya 14 ya kazi. Jengo letu la Tororo, mashariki mwa Uganda, lilikuwa la maduka chini na ofisi ghorofa mbili juu, na mafundi walikuwa wanapanga miti na mbao za slabu ya kwanza. Hajjati, mwenye jengo, alifika na habari njema: benki imekubali kupanga upande wote wa chini, ila inataka chumba cha hazina nyuma, kuta za zege na nondo, siyo matofali. Alichukua kalamu ya foromani, akachora mstatili kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, akamgeukia mkandarasi.

"Injinia, unaweza?"

"Hajjati, hakuna shida. Tutafanya."

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na siku hiyo nilikuwa saiti kupima kazi ya malipo ya mwezi. Nimeona maneno hayo mawili, "hakuna shida", yakigharimu watu urafiki wa miaka. Hakuna aliyetaja bei. Hakuna aliyetaja siku. Nitaeleza hatua kwa hatua tulivyofanya baada ya pale, kwa sababu mwongozo huu unaeleweka vizuri zaidi ukiwa na kuta na nondo zake.

Kwanza tofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Amri ya mabadiliko ni agizo la kuongeza, kupunguza au kubadili kazi iliyomo kwenye mkataba, na hutolewa na upande wa mwenye jengo. Dai ni ombi la mkandarasi la siku zaidi au fedha zaidi kwa sababu ya jambo ambalo mkataba haumbebeshi yeye. Chumba cha hazina ni badiliko. Wiki ambazo slabu ilisimama ikisubiri chumba hicho ndizo zilizozaa dai. Badiliko moja linaweza kuwa dogo kwa bei na kubwa kwa siku, na ndivyo ilivyotokea hapa.

Hatua ya kwanza: agizo litoke kwa mwenye mamlaka, na liwe kwenye maandishi

Soma mkataba wako uone nani ametajwa kutoa maagizo. Uganda majengo mengi ya watu binafsi bado yanatumia fomu ya zamani ya Afrika Mashariki ya mwaka 1977, ambayo inampa msanifu majengo kazi hiyo. Mkataba wetu ulitumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, na msanifu majengo ndiye aliyetajwa kuwa msimamizi wake. Kwa vyovyote, mwenye jengo hamwamuru mkandarasi moja kwa moja. Anamwambia msimamizi, na msimamizi anaandika. Huu siyo urasimu wa bure. Msimamizi ndiye anayejua kwamba ukuta mpya wa zege unahitaji msingi wake, na kwamba msingi wake uko chini ya sakafu ambayo tumeshaimwaga.

Je, mkandarasi ambaye ameshaambiwa kwa mdomo afanyeje? Asianze, na asinyamaze. Chini ya FIDIC ya 1999, agizo la mdomo la msimamizi linathibitishwa na mkandarasi kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na msimamizi asipolikataa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya hapo, linakuwa agizo kamili. Fomu nyingine zina siku zake, kwa hiyo angalia yako. Lakini kumbuka kwamba hapa anazungumziwa msimamizi, siyo mwenye jengo. Neno la Hajjati peke yake halikuwa agizo.

Mkandarasi wetu aliandika jioni ile ile. Barua yake ilikuwa fupi, na ninaiweka hapa kwa sababu ni mfano mzuri:

"Leo saa nne asubuhi, saiti, mbele ya mkadiriaji na foromani, mwenye jengo ameomba chumba cha hazina chenye kuta za zege nyuma ya duka namba 3. Tunaomba utuandikie kama hili ni agizo. Kazi ya miti ya slabu katika eneo hilo tumeisimamisha kuanzia kesho, kwa kuwa sakafu ya chini italazimika kuvunjwa. Tutakuletea bei na athari ya muda mara tutakapopata michoro."

Angalia kilichomo: saa, mahali, waliokuwepo, kazi iliyosimama, na siku iliyosimama. Hakuna lawama wala maneno makubwa. Miezi mitatu baadaye, kila mtu alipokuwa anakumbuka kwa namna yake, barua hiyo ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu sahihi.

Watu huniuliza kuhusu wasapu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi, na inaukubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Kwa hiyo ujumbe wa simu si takataka. Utunze. Lakini mkataba wako unaweza kutaka barua kwenye anwani maalumu, na hapo ujumbe wa wasapu utakusaidia kama ushahidi bila kuchukua nafasi ya barua. Tuma vyote viwili.

Jambo moja zaidi kabla ya kuvunja sakafu. Badiliko linalogusa msingi, nguzo au slabu linagusa pia kibali cha ujenzi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, vibali hutolewa na Kamati ya Majengo ya eneo husika kulingana na michoro iliyopelekwa. Peleka michoro iliyorekebishwa, na siku za kufuatilia jambo hilo uzihesabu mapema. Na kama jengo ni la serikali, mambo yanaongezeka: ununuzi wa umma una sheria yake ya mwaka 2003 na marekebisho yake, na badiliko la mkataba linapita kwenye kamati ya mikataba ya taasisi kabla halijatekelezwa. Hapa ninabaki na jengo la mtu binafsi.

Hatua ya pili: uliza bei na siku kabla ya kuamuru

FIDIC inamruhusu msimamizi kuomba pendekezo kwanza: mkandarasi aeleze atafanyaje, ratiba itabadilikaje, na bei ni ngapi. Wenye majengo wengi hawajui kwamba nafasi hii ipo. Ukiamuru kwanza na kuuliza bei baadaye, umeshapoteza nafasi ya kusema "basi, acha."

Pendekezo la mkandarasi lilifika baada ya michoro ya mhandisi wa miundo kutoka: chumba shilingi milioni 41, na wiki tano na nusu za nyongeza. Hajjati alishtuka. Akauliza kama tunaweza kumpunguzia mkandarasi kazi ya rangi, apewe mtoto wa dada yake ambaye ni fundi rangi, ili fedha ile ifidie chumba. Nilimjibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Unaweza kuondoa kazi usiyoihitaji tena. Huwezi kuiondoa kwa mkandarasi ili umpe mtu mwingine aifanye, maana mkataba huo unakataza waziwazi, na ukifanya hivyo umempa mkandarasi dai la faida aliyonyimwa.

Kodi ya benki ilikuwa nzuri kuliko ya maduka, kwa hiyo Hajjati akaamua chumba kijengwe. Agizo lilitoka likisema: jenga, na bei itapimwa kwa kanuni za mkataba. Hiyo ina maana kwamba milioni 41 haikukubaliwa wala kukataliwa.

Hatua ya tatu: pima bei ya badiliko

Kanuni ina ngazi, na unashuka ngazi moja tu pale ile ya juu inaposhindwa. Kazi inayofanana na iliyomo kwenye jedwali la vipimo na bei, na inayofanyika katika hali ile ile, inalipwa kwa bei ya jedwali. Kazi inayofanana lakini hali imebadilika, unaanza na bei ya jedwali na kuirekebisha. Kazi isiyofanana na chochote, unatafuta bei ya haki kutokana na gharama halisi na faida ya kawaida. Na kazi isiyopimika vizuri, kama kuvunjavunja, inalipwa kwa kazi ya siku: watu, saa, mashine.

Nilipima chumba kwenye michoro. Ndani mita 4 kwa 3, kuta za unene wa milimita 200, urefu wa mita 3, juu slabu yake, chini msingi wa bamba. Zege ilikuwa mita za ujazo 17. Nondo kilo 2,100. Mbao za fomu, zile za kushikilia zege hadi ikauke, mita za mraba 100.

Zege na nondo hazikuwa na ubishi. Jedwali lilikuwa na zege ya daraja hilo hilo kwa shilingi 550,000 kwa mita ya ujazo, na nondo shilingi 6,000 kwa kilo, imekatwa, imekunjwa na kufungwa. Zege ikawa 9,350,000 na nondo 12,600,000. Mkandarasi alitaka nondo kwa bei ya dukani ya mwezi ule, ambayo ilikuwa imepanda. Mkataba wetu haukuwa na kifungu cha kupanda kwa bei, kwa hiyo bei ya jedwali ilisimama.

Ubishi ulikuwa kwenye mbao. Jedwali lilisema shilingi 40,000 kwa mita ya mraba chini ya slabu, naye alitaka 80,000. Hapo ndipo unapomwomba mkandarasi aifungue bei yake, na ndipo kazi ya mkadiriaji inapoonekana. Tulikaa kwenye banda la saiti na karatasi moja. Bei yake ya 40,000 ilikuwa hivi: mbao 10,000, ufundi 18,000, miti, misumari na mafuta 4,000. Jumla 32,000, juu yake asilimia 25 za uendeshaji na faida, yaani 8,000.

"Mbao hizi za slabu unazitumia mara ngapi?" nilimuuliza.

"Mara nne, wakati mwingine tano."

"Na za chumba hiki?"

"Mara mbili tu, halafu ni kuni. Zinakatwa vipande vipande."

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Mbao zikitumika mara mbili badala ya nne, gharama yake inakuwa 20,000 badala ya 10,000. Jumla ya ndani inapanda kutoka 32,000 hadi 42,000, na ukiongeza asilimia 25 unapata 52,500. Ufundi haukubadilika vya kutosha kubadili namba. Kwa mita 100 ikawa 5,250,000. Hakuna aliyeshinda, bei ilipanda kwa kiasi ambacho hali ilibadilika.

Kuvunja sakafu na kuchimba tulilipa kwa kazi ya siku. Hapa siri ni karatasi ya kila jioni. Foromani aliandika majina, saa na mashine, nakala mbili, na msimamizi au mwakilishi wake akatia sahihi siku hiyo hiyo. Vibarua 6 kwa siku 4 kwa 25,000 ni 600,000. Kompresa siku 4 kwa 250,000 ni milioni 1. Lori la kubeba vifusi, safari mbili, 400,000. Jumla milioni 2, na asilimia 20 iliyoandikwa kwenye mkataba, 2,400,000. Karatasi ya kazi ya siku inayoletwa mwisho wa mwezi kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, mimi huirudisha.

Kisha usisahau kilichoondoka. Ukuta wa matofali uliokuwa kwenye mchoro wa zamani, mita za mraba 30 kwa 48,000, haukujengwa tena: toa 1,440,000. Hili husahauliwa mara nyingi kuliko unavyodhani, na pande zote mbili husahau kwa nia njema, maana kila mtu anatazama kinachojengwa. Plasta ilibaki karibu ile ile, tukaiacha. Mlango wa chuma uliletwa na benki.

Chumba kikawa shilingi 28,160,000 badala ya milioni 41, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mkataba wote ulikuwa wa shilingi bilioni 1.46. Chumba hakikufika hata asilimia 2 yake.

Hatua ya nne: taarifa ya dai ndani ya siku 28

Huu ndio mlango ambao wakandarasi wengi wazuri wanaukuta umefungwa. Chini ya FIDIC ya 1999, mkandarasi anayeona ana haki ya siku au fedha anatoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililozaa dai. Asipotoa, muda hauongezwi na fedha hailipwi. Taarifa haihitaji hesabu. Inahitaji kutaja tukio na kusema kwamba dai linakuja. Maelezo kamili yanafuata ndani ya siku 42 tangu tukio lijulikane, na msimamizi ana siku 42 za kujibu. Toleo la 2017 limebakiza siku 28 zile zile za taarifa, likatoa siku 84 kwa maelezo kamili.

Nilishawahi kukaa upande wa mkandarasi kwenye jengo jingine, mbali na Tororo, ambapo mwenye jengo alichelewesha kukabidhi nusu ya kiwanja kwa miezi miwili. Kila mtu alijua. Ilijadiliwa kila kikao. Lakini barua ya taarifa ilitoka siku ya 63, kwa sababu mkurugenzi wetu hakutaka kumuudhi mteja mapema. Dai lote lilikataliwa kwa barua ya mistari minne, na kwa mujibu wa mkataba waliolikataa walikuwa sahihi. Vijana wa saiti ndio waliochelewa kulipwa. Tangu hapo sioni taarifa ya mapema kuwa ni uchokozi. Inamsaidia hata mwenye jengo, kwa kuwa anajua gharama inakuja wakati bado anaweza kubadili mawazo.

Mkandarasi wa Tororo alitoa taarifa siku ya 11. Pia alianza daftari la chumba peke yake: nani alifanya nini, mashine gani ilisimama, picha zenye tarehe. Hizo ndizo kumbukumbu za wakati ule ule, na hazitengenezeki baadaye.

Hatua ya tano: hesabu siku zinazosogeza tarehe ya mwisho, siyo siku za kazi yenyewe

Mkandarasi alidai siku 33 za kazi, yaani wiki tano na nusu kwa siku sita za wiki. Alihesabu kila siku ambayo mtu aliwahi kushika chombo ndani ya chumba kile. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Swali si chumba kilichukua siku ngapi. Swali ni siku ngapi kilisogeza kukamilika kwa jengo.

Fungua ratiba iliyokubaliwa, ile iliyokuwepo kabla ya badiliko, na utafute mlolongo wa kazi zinazosubiriana hadi mwisho. Kwetu ulikuwa nguzo, slabu ya kwanza, nguzo, slabu ya pili, paa, kisha umaliziaji. Slabu ya kwanza ikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja. Kazi iliyo nje ya mlolongo huo inaweza kuchelewa bila kumgusa mtu.

Tulipitia daftari siku kwa siku. Kusubiri michoro ya mhandisi, siku 5. Kuvunja na kuchimba, 4. Msingi wa bamba, 4. Kuta na slabu ya chumba, 11. Kufungua mbao na kurudisha miti ya slabu kuu, 3. Jumla siku 27, na zote ziliishikilia slabu kuu. Nilimuuliza mhandisi kama slabu ingeweza kumwagwa nusu nusu, upande wa mbele kwanza, ili mafundi waendelee. Alikataa kwa sababu za nguvu ya jengo, akaandika hivyo. Bila jibu hilo ningekata siku hizo, maana mkandarasi anatakiwa kupunguza hasara pale anapoweza bila gharama ya ziada.

Siku 6 zilizobaki katika hesabu yake zilikuwa za plasta ya ndani ya chumba na kufunga mlango wa benki. Hizo zilifanyika huku nguzo za juu zikipanda. Hazikumchelewesha mtu, zikatoka.

Lakini daftari la bohari lilikuwa na jambo jingine. Makspani, yale matofali matupu ya udongo yanayopangwa ndani ya slabu, hayakuwepo saiti. Yalipaswa kuwepo wiki ya 15, yakafika siku 9 za kazi baadaye kwa sababu mkandarasi alichelewa kuyaagiza. Hata bila chumba cha hazina, slabu ingesimama siku hizo 9. Vizuizi viwili, kimoja cha mwenye jengo na kimoja cha mkandarasi, vilikuwa vimelala juu ya siku zile zile.

Hapa watu hugombana sana. Wengine husema mkandarasi asipewe chochote, wengine apewe vyote. Soma kwanza kama mkataba wako una kifungu chake. Ukiwa kimya, njia inayotumika sana katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, Uganda ikiwemo, ni kumpa muda bila fedha kwa siku zilizogongana. Mantiki yake ninaikubali: mwenye jengo hawezi kumtoza mtu fidia kwa siku ambazo yeye mwenyewe alizuia kazi, na mkandarasi hawezi kulipwa gharama ambazo angezipata hata kama mwenye jengo hakugusa kitu. Kwa hiyo: muda siku 27, fedha siku 18.

Tarehe ya mwisho ikasogea kutoka mwisho wa wiki ya 52 hadi katikati ya wiki ya 57. Mkataba ulikuwa na fidia ya kuchelewa ya shilingi milioni 3 kwa wiki. Bila nyongeza hiyo ya wiki nne na nusu, mkandarasi angekatwa 13,500,000 kwa chumba alichoamriwa kukijenga.

Hatua ya sita: bei ya siku

Siku 18 ni wiki 3. Wiki moja ya saiti inagharimu nini? Mkandarasi alichukua gharama zote za uendeshaji wa saiti kwenye jedwali, shilingi milioni 146, akagawa kwa wiki 52, akazidisha kwa tano na nusu. Akapata zaidi ya milioni 15.4.

Tuliigawa milioni 146 mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama zinazolipwa mara moja hata jengo likichelewa mwaka: uzio, ubao wa mradi, kujenga banda, dhamana, kuleta na kuondoa vifaa. Ilikuwa milioni 68. Fungu la pili ni zile zinazoendelea kuliwa na kila wiki: mshahara wa foromani na askari, kodi ya miti na mashine ya zege, maji, umeme. Ilikuwa milioni 78, na kwa wiki 52 ni milioni 1.5 kwa wiki. Wiki 3 ni 4,500,000. Hata hivyo sikuishia kwenye jedwali. Niliomba daftari la mishahara na risiti za kodi za wiki zile, kwa sababu dai linalipa gharama iliyotokea kweli. Zililingana kwa karibu. Kama mashine ya zege ingekuwa imepelekwa saiti nyingine wiki hizo, kodi yake ningeikata.

Alikuwa ameongeza pia gharama za ofisi yake kuu. Niliziondoa kwa sababu asilimia 25 iliyomo kwenye bei za chumba ilikuwa imeshazibeba, na kitu kimoja hakilipwi mara mbili.

Hatua ya saba: ziandike namba mahali zinapoonekana

Chumba 28,160,000 na muda 4,500,000 vilifika 32,660,000. Hajjati alipumua: jedwali lilikuwa na akiba ya dharura ya milioni 40, kwa hiyo jumla ya mkataba haikupanda. Nilimwonyesha upande wa pili. Zimebaki wiki nyingi za kazi, slabu ya pili na paa havijaguswa, na akiba sasa ni 7,340,000. Alielewa mara moja, na ombi lake la kubadili vigae akalifuta mwenyewe.

Tulitoa hati moja ya badiliko yenye bei, siku na tarehe mpya ya mwisho, ikasainiwa, na mkandarasi akaleta ratiba mpya. Usiache ratiba ya zamani ukutani. Badiliko linalofuata litapimwa kwa ratiba ya karibuni, na kama haipo, mtabishana juu ya jengo ambalo halipo tena. Dhamana na bima nazo zilirefushwa hadi tarehe mpya.

Mstari mmoja kwenye barua ya mkandarasi ulinifurahisha, kwa sababu wachache huufikiria. Kazi ilianza Julai, na paa lilipangwa wiki ya 34, mwishoni mwa Februari, wakati wa ukavu. Wiki nne na nusu zililipeleka mwishoni mwa Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza. Aliandika: "Athari ya kazi ya paa kuhamia msimu wa mvua bado haijajulikana, na haimo katika makubaliano haya." Mvua ya kawaida ya Aprili kwa Tororo si sababu ya kuongezewa muda, mkataba unataka hali ya hewa mbaya kupita kawaida, na hiyo unaithibitisha kwa takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda za miaka iliyopita. Ila yeye hakudai kwa ajili ya mvua. Alidai kwa ajili ya badiliko lililompeleka kwenye mvua, na hiyo ni hoja nyingine kabisa. Kama angesaini bila mstari ule, nami ningekuwa na haki ya kusema kwamba kila kitu kuhusu chumba kimeshalipwa.

Paa lilipoanza, foromani aliandika kila asubuhi saa ya mvua kuanza, saa ya kukatika, na mafundi waliokaa bandani. Zilipatikana siku 4 ambazo ratiba ya Februari isingezipoteza. Taarifa ilitoka ndani ya wiki moja, tukazipitia kwa nusu saa tu, na jengo likakabidhiwa wiki ya 58, mlango wa hazina ukiwa umeshafungwa na mafundi wa benki.